Jinsi nilivyorudisha "s" zilizodondoka

Mdogo wangu hapa Tanga huwaandikia wageni wa Mapango ya Amboni maelezo ya Kiingereza. Aliandika: "The guide carry two torch." Kiswahili huonyesha umoja na wingi mwanzoni mwa neno, anabeba, wanabeba, na "tochi" haibadiliki kabisa. Ndiyo maana jicho lake halikufika mwisho wa neno.

Nikamwambia akague mara mbili. Kwanza nomino peke yake: tochi ni mbili, basi "torches". Kisha vitenzi vya wakati uliopo: mtendaji akiweza kuitwa "he", "she" au "it", basi "carries". Waongozaji wakiwa wengi, s hukaa kwao, kitenzi hubaki kitupu: "The guides carry." Ila baada ya "can" usiongeze s: "He can carry."