Jinzi juu, jinzi chini, na hakuna aliyeniuliza kama ni sare

Nilianza na suruali niliyokuwa nayo: bluu iliyokolea, haina mpauko mapajani. Kilichobaki kilikuwa shati la jinzi lenye bluu iliyo mbali na hiyo. Bluu mbili zikikaribiana, mtu huonekana kama alitaka suti akakosa kipande kimoja. Zikiachana mbali, wanaokutazama wanaelewa kwamba umechagua.

Suruali niliivaa kwenda nayo sokoni Sabasaba. Pale mitumba mingi iko chini ya maturubai, na turubai la bluu linadanganya, kwa sababu mwanga unaopita humo huipaka bluu kila nguo. Nikamwambia muuzaji, "Kaka, naomba nilitoe juani nilione."

"Toa tu dada, jua ni la Mungu."

Shati la kwanza lilikuwa limepauka vya kutosha, lakini juani likatoa ukijani kwa mbali, wakati suruali yangu inaelekea kwenye zambarau. Hapo mpauko hausaidii, rangi zinagombana tu. La pili nililiinua kola. Chini ya kola na chini ya kifuniko cha mfuko jua halifiki sana, kwa hiyo rangi ya mwanzo huwa imebaki. Nikaligusisha na paja la suruali: bluu ya ukoo mmoja, ila shati limefuliwa miaka mingi. Nikapiga picha, nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu. Shati likatoka karibu na jeupe, suruali karibu na nyeusi. Vyote vikitoka kijivu kinachofanana, rudisha shati, hata kama bei ni tamu.

Lilikuwa pia jepesi kuliko suruali, na hilo mimi nalipenda. Vitambaa viwili vizito pamoja vinaleta ovaroli ya gereji. Ndani nilivaa fulana nyeupe, nikaacha vifungo wazi, na mkanda wa ngozi ya kahawia unaoitikia nyuzi za rangi ya chungwa kwenye mishono ya suruali.

Tatizo la jinzi iliyokolea ni kuchuja. Kwa kawaida rangi yake hukaa juu ya uzi, kiini kinabaki cheupe, kwa hiyo msuguano unaitoa. Nilisugua kiunoni kwa leso nyeupe yenye unyevu. Ikatoka na bluu. Bila kufua kwanza, pindo la shati langu lingeharibika. Sasa naifua peke yake, imegeuzwa ndani nje, kwa maji baridi, na naianika kivulini, maana jua la Dodoma halina huruma na rangi.

Hata hivyo itapauka tu, na siku itakapolisogelea shati, nitaivaa na shati la jinzi jeusi.