Nilivyoacha kubahatisha protini ya chakula cha kuku: kutoka linia programingi mpaka koni

Dada yangu ana mashine ya kuchanganya chakula cha kuku hapa Mwanza na mimi ndo namfanyiaga hesabu za mchanganyiko, maana nilisoma hesabu chuo na linia programingi, ile njia ya kutafuta bei ya chini kabisa chini ya masharti ya mstari, naijua vizuri. Kwa miaka miwili nilikuwa najaza bei za wiki kwenye laptop, natafuta mchanganyiko wa bei ya chini kabisa unaofikisha protini asilimia 20 ya stata, chakula cha mwanzo cha kuku wa nyama, namtumia namba kwa WhatsApp, basi. Siku moja akanipigia, "Mdogo wangu, kuna mteja amepeleka sampuli maabara, imetoka 17.9, na vifaranga vyake kweli havilingani, vingine vikubwa vingine vimedumaa." Nikarudia hesabu zangu mara tatu, hazina kosa. Hapo ndo nikaanza kuwaza kwamba tatizo haliko kwenye hesabu, liko kwenye swali lenyewe nililoiuliza.

Ili muone kilichotokea nitatumia malighafi tatu tu na namba nilizozirahisisha, zile za madini, premiksi, chumvi na masharti ya nguvu naziweka pembeni. Mahindi yana protini 9 kwa mia, bei 800 kwa kilo. Mashudu ya soya 44, bei 2,000. Dagaa 50, bei 2,100. Ukiipa linia programingi swali hilo inakujibu mahindi kilo 73.2 na dagaa kilo 26.8 kwa kila mia, soya sifuri, na kilo inakugharimu kama 1,149. Kwa dagaa wengi hivyo hata nyama inaweza kunuka samaki, ila hiyo ni mada nyingine, angalia tu protini.

Sasa ile 50 ya dagaa ni wastani. Dagaa wa ziwani wengi wanaanikwa juu ya mchanga, na mchanga ukiingia kwenye gunia ni uzito usio na protini hata kidogo. Nilichukua majibu yote ya maabara ambayo dada alikuwa anayatunza kwenye faili, nikapiga mchepuko, yaani kwa kawaida namba zinatawanyika umbali gani kutoka kwenye wastani. Mahindi nusu pointi. Soya pointi 1.5. Dagaa pointi 6! Kwahiyo mchanganyiko wangu ulikuwa na wastani wa 20 kamili lakini mchepuko wake ulikuwa kama 1.65, maana yake nusu ya mizigo ilikuwa inatoka chini ya 20, na hiyo 17.9 ya mteja haikuwa bahati mbaya, ilikuwa jambo la kutegemewa. Kibaya zaidi, linia programingi yenyewe ndo ilinisukuma huko, kwa sababu inatafuta bei ya chini mpaka sharti liguse 20 bila ziada hata tone, na kati ya malighafi mbili za protini ilichagua yenye mtawanyiko mkubwa kwa sababu mtawanyiko haiuoni kabisa.

Nilijaribu kwanza kuponyesha kwa njia za mkato. Nikapandisha sharti kutoka 20 kwenda 21. Ikajibu dagaa kilo 29.3, bado hakuna soya, na mizigo inayofaulu ikapanda toka nusu kufika kama 71 kwa mia tu, kwa sababu kila dagaa ninaoongeza kuinua wastani wanakuja na mtawanyiko wao. Nikiendelea kupandisha mpaka 95 kwa mia zifaulu, inabidi wastani ufike karibu 23.6 na kilo ifike 1,261, ghali mno. Njia ya pili nikapunguza protini ya kila malighafi kwa kiasi cha tahadhari, mchepuko wake mara 1.645 (hiyo ndo namba ya 95 kwa mia kwenye kengele ya kawaida, ule mchoro wa mtawanyiko ulio sawa pande zote mbili), dagaa nikawahesabu kama wana 40.1 badala ya 50, soya 41.5, mahindi 8.2. Hii ikawa nzuri zaidi, ikahamia soya kilo 35.4 na bei 1,225. Ila nayo ina kasoro yake, inachukulia kwamba siku mahindi yakiwa mabaya na soya nayo ni mbaya siku hiyohiyo, wakati gunia la mahindi la Geita na gunia la mashudu la kiwandani hayajuani. Nikawa nalipia ajali ambayo haitokei pamoja.

Kinachotakiwa ni kutawanyika kwa mchanganyiko mzima, na vitu visivyojuana havijumlishwi moja kwa moja. Unachukua mchepuko wa kila malighafi mara kiasi chake, unapiga mraba, unajumlisha, halafu unatoa kipeuo cha pili. Ukiiangalia vizuri ni Pythagoras, urefu wa mshale wenye pande tatu, ndo kitu wanahesabu wanaita nomu. Sharti linakuwa hivi: wastani wa protini, toa 1.645 mara urefu wa huo mshale, ibaki 20 au zaidi. Sio wazo jipya hata kidogo, van de Panne na Popp waliandika kuhusu chakula cha ng'ombe chenye sharti la protini la namna hii mwaka 1963, mi nilikuwa sijui tu.

Hapa ndo koni inapoingia na ningependa ieleweke maana ilinichukua muda. Kwenye linia programingi, chini ya kila kitu kuna sharti moja la msingi, kila namba iwe sifuri au zaidi, yaani jibu linakaa ndani ya pembe iliyonyooka kama kona ya chumba. Mengine yote ni milinganyo ya mstari. Optimaizesheni ya koni inaacha milinganyo ileile na bei ileile, inabadilisha ile kona tu, inaruhusu uweke umbo lingine lenye tabia moja: ukiwa ndani ukajivuta mara mbili au mara kumi toka kwenye ncha bado uko ndani. Koni ya daraja la pili ni ile ya aiskrimu, namba moja ya urefu wa kwenda juu na mshale wa pembeni, na sharti ni kwamba urefu wa mshale usizidi hiyo namba ya juu. Kwangu namba ya juu ni ziada ya protini juu ya 20 (ukiigawa kwa 1.645) na mshale ni mtawanyiko. Ukiwa na mshale wa upande mmoja tu koni hiyo inarudi kuwa mistari miwili ya kawaida, ndo maana nasema linia programingi haikutupwa, imo humohumo ndani.

Kuiandika kwenye CVXPY, maktaba ya Python ya hesabu za namna hii, nilihangaika jioni nzima. Niliandika `cp.sqrt(cp.sum_squares(...))` nikijua ndo nomu yenyewe, ikanirudishia `DCPError: Problem does not follow DCP rules`. Kihesabu ni kitu kimoja, lakini programu inakagua kipande kwa kipande, jumla ya miraba inapinda juu, kipeuo kinapinda chini, ikiunganisha haiwezi kuthibitisha umbo ni salama. Nikajaribu kupiga mraba pande zote mbili niondoe kipeuo, ikakataa tena, na safari hii ilikuwa na haki kabisa, kwa sababu ukipiga mraba unaingiza na koni ya pili iliyogeuzwa kichwa chini, ambako ziada ni hasi, na umbo linakuwa vipande viwili. Iliyokubali ni hii:

```python
import cvxpy as cp, numpy as np
p = np.array([9, 44, 50])
s = np.array([0.5, 1.5, 6])
bei = np.array([800, 2000, 2100])
x = cp.Variable(3, nonneg=True)
hatari = cp.norm(cp.multiply(s, x), 2)
cp.Problem(cp.Minimize(bei @ x),
  [cp.sum(x) == 1,
   p @ x - 1.645*hatari >= 20]).solve(solver=cp.CLARABEL)
print(x.value)
```

Angalieni nomu iko upande gani, lazima iwe upande unaobanwa isizidi. Ukitaka nomu iwe kubwa kuliko kitu, umetoka nje ya koni na solva hizi, programu za kutafuta jibu, hazikusaidii. Na ile 1.645 isiwe hasi, yaani usiombe uhakika ulio chini ya nusu.

Jibu lilitoka mahindi 66.5, soya 28.2, dagaa 5.3. Nilikaa nikalitazama sana. Linia programingi yenye masharti mawili, la jumla na la protini, haihitaji kamwe zaidi ya malighafi mbili, inasimama kwenye kona, na hapa zimetumika zote tatu. Nikapiga kwa mkono. Mahindi 0.5 mara 0.665 ni 0.333, soya 1.5 mara 0.282 ni 0.423, dagaa 6 mara 0.053 ni 0.318. Miraba yake ni 0.111, 0.179 na 0.101, jumla 0.391, kipeuo 0.625, mara 1.645 inakuwa 1.03. Wastani ni 21.04, ukitoa 1.03 unabaki na 20.01. Imekaa! Yaani hao dagaa wachafu wenye mchepuko wa 6, wakiwa kidogo hatari yao inapigwa mraba inakuwa ndogo kabisa, kilo za mwanzo zinaingia karibu bure, ni zile za baadaye ndo zinauma. Njia ya mkato ya pili iliwafukuza wote, hii imewabakiza kwa kiasi, na bei ni 1,207, shilingi 18 chini yake kwa kila kilo.

Kuna sehemu mbili ambazo siziamini sana. Moja ni kengele ya kawaida, mchanga unavuta protini chini tu, hauivuti juu, kwahiyo mkia wa chini wa dagaa ni mnene zaidi. Ukitaka kinga isiyotegemea umbo la kengele unaacha sharti lilelile unaweka 4.36 mahali pa 1.645, niliijaribu bei ikapanda sana nikaiacha, ila kwa mtu mwenye mkataba wa adhabu ningeitumia. Nyingine ni kutojuana. Ukinunua soya na dagaa kwa mtu mmoja ambaye stoo yake inavuja, vinaharibika pamoja, na hapo badala ya `cp.multiply(s, x)` unaweka `L.T @ x`, L ikiwa kipeuo cha Cholesky cha jedwali linaloonyesha zinavyotawanyika pamoja, koni inabaki ileile.

Tulituma sampuli nne za mizigo mipya, ya chini kabisa ilikuwa 20.3. Dada akaniuliza, "Na nikiwachekecha hao dagaa kabla ya kusaga, inalipa?" Nikabadilisha namba moja, mchepuko wa dagaa kutoka 6 kuwa 3, wastani nikauacha palepale. Dagaa walipanda mpaka kilo 17 hivi, soya ikashuka karibu 14.6, kilo ikawa 1,196. Shilingi 11 kwa kilo, elfu kumi na moja kwa tani. Ile hesabu yangu ya zamani ingemjibu kuchekecha kuna thamani ya sifuri, maana wastani haujabadilika. Alienda Jumatatu kununua wavu.