Mto ukijaa au mto ukifura? Kumbukumbu ya daftari la nyanya

Daftari lilikaa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha shangazi, Mathare, hadi mafuriko ya mwaka 2024 yalipoingia nyumbani. Lina wimbo mmoja ambao nyanya aliwatungia akina mama wa kwaya yake, beti tano. Beti alizoandika kwa biro zinasomeka. Ubeti wa tatu na wa tano aliziandika kwa kalamu ya wino wa chupa, na wino huo maji yakiugusa huondoka kama rangi ya leso mpya.

Nilianza na makosa. Kurasa zilikuwa zimeshikana nami nikaziachanisha kabla hazijakauka vizuri. Karatasi ikachubuka katikati ya ubeti wa tatu. Zilizobaki niliziweka tishu kati na kuziacha mbele ya feni, si juani, siku nne.

Ubeti wa kwanza ndio kipimo changu:

Bwana, nishike mkono,
Nipite penye giza,
Nifike kwenye mavuno
Kazi nimemaliza.

Hesabu mizani, ukikumbuka kwamba ile *m* ya *mkono* ni silabi yake: nane, saba, nane, saba. Vina ni *no, za, no, za*. Kina ni silabi nzima, si irabu ya mwisho tu, na hilo ndilo lililoamua jambo huko mbele.

Ubeti wa tatu ulibaki hivi:

Mvua inaponyesha
Na mto uki…
We……………sha
Mwamba wangu imara.

Mshororo wa pili unadai silabi saba. *Na-m-to-u-ki* ni tano, zimebaki mbili. Bila kufikiri niliandika "ukijaa". Nikampigia shangazi, naye akauimba kwenye simu vivyo hivyo: "Na mto ukijaa." Nikamuuliza kama ana uhakika. "Mwanangu, huu wimbo nimeuimba kabla hujazaliwa."

Mizani imetimia na shahidi yupo. Lakini mshororo wa nne unaishia *-ra*, na *jaa* haina *ra*. Hapo ilibidi nijue kwanza nyanya alikuwa mkali kiasi gani, maana siwezi kumdai kanuni ambayo mwenyewe hakuifuata. Nikarudi kwenye beti tatu zilizo salama. Vina havikumponyoka hata mara moja. Mizani ndiyo ilimponyoka: ubeti wa pili una "Maji yale ya uzima" mahali pa silabi saba, na hizo ni nane. Wanapoimba wanaunganisha *ya* na *u* kwa pumzi moja, kwa hiyo sikio halilalamiki. Basi kwa mtunzi huyu kina ni ushahidi mzito kuliko hesabu ya silabi.

Nikalijaribu pia "ukifurika". Silabi zinafika nane, ila *to* na *u* zinaweza kumezana kama ule mfano wa uzima, kwa hiyo mizani peke yake haiwezi kulikataa. Kina kinalikataa: *-ka*. Lakini kitenzi chenyewe kilichozaa furika ni fura, na mto hufura. "Na mto ukifura": silabi saba, kina *ra*. Nadhani shangazi na wenzake walilibadilisha neno lisilo la kila siku kwa lile la kila siku. Midomo ya watu hufanya hivyo, na ni nadra kufanya kinyume chake.

Mshororo wa tatu ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu majibu yalizidi. "Wewe utanivusha" ina silabi saba, na hakuna irabu za kuongezea. "Wewe ndiwe wa kuvusha" ni nane, kina *sha*. "Wewe unayenivusha" nayo ni nane, kina kilekile. Vina na mizani vikaishia hapo.

Usiku nilizima taa, nikalaza simu mezani tochi ikiwaka, mwanga ukawa unateleza juu ya karatasi. Kalamu ya wino hukandamiza zaidi mkono unaposhuka, na hivyo vijifereji vidogo vilitupa vivuli. Niliiona *h* ya mwisho. Kabla yake, karibu na katikati ya mshororo, kulikuwa na mkia mmoja ulioshuka chini ya mstari. *Unaye-* ina *y*. "Ndiwe wa kuvusha" haina herufi yenye mkia, na ingepaswa kuacha miti miwili iliyopanda, ya *d* na *k*. Hapakuwa na kitu. Nimechukua "unayenivusha". Njia hiyo haikunisaidia kwenye "ukifura", kwani hapo ndipo nilipochubua karatasi.

Katika nakala safi, kila nilichojaza kiko ndani ya mabano ya mraba: "Na mto uki[fura]", na pembeni nimeandika kwamba shangazi huimba "ukijaa". Ubeti wa tano umebakiza vina viwili tu, *we* na *ka*. Maneno yanayotosha hapo ni mengi mno, kwa hiyo nimeweka nukta.

Jumapili nilimsomea shangazi. Alinyamaza, akaujaribu kwa sauti ya chini mara mbili. "Fura," akasema. "Mama alikuwa akisema hivyo hata kwa maziwa jikoni." Kisha akaendelea kuosha vyombo, akiimba "ukijaa".