Folda iliyokataa kufutika hata kwa msimamizi: jinsi nilivyotatua

Folda `D:\Kazi` ilibaki kwenye diski iliyotoka kompyuta ya zamani. Kuifuta au kuibadilisha jina kulileta jibu lile lile la kukosa ruhusa, ingawa akaunti yangu ni ya msimamizi. Kuwasha upya hakukusaidia, wala hali salama.

Kwenye kichupo cha Security, nilipobofya Advanced, mmiliki alionekana kama mfuatano mrefu unaoanza na `S-1-5-21`, yaani akaunti ya Windows ile ya zamani, ambayo hii mpya haiitambui. Nikafungua Command Prompt kwa Run as administrator, nikachukua umiliki:

```
takeown /F "D:\Kazi" /A /R /D Y
```

Folda bado ikagoma! Hapa ndipo penye siri: umiliki haukupi ruhusa ya kufuta. Unakupa haki ya kuandika upya orodha ya ruhusa tu, na orodha ya zamani ilikuwa bado imekaa palepale, huku urithi kutoka `D:\` ukiwa umezimwa. Kwa hiyo:

```
icacls "D:\Kazi" /reset /T /C
```

`/reset` hufuta ruhusa zilizowekwa moja kwa moja, zikiwemo za kukataza, na kurudisha zile za kurithi. `/T` hushuka hadi ndani kabisa. Baada ya hapo folda ilifutika kawaida.

Usizijaribu amri hizi kwenye `C:\Windows`. Na ujumbe ukisema folda inatumiwa na programu nyingine, hilo si suala la ruhusa. Funga programu hiyo kwanza.