Siku yangu moja na jedwali la utahini, Sayansi darasa la sita, Tukuyu

Saa 12 asubuhi. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, Mlima Rungwe hauonekani kabisa, na mvua ya mwisho wa Mei bado inanyunya. Nikanywa chai na ndizi za kuchemsha haraka haraka maana leo lazima mtihani wa muhula wa darasa la sita umfikie mwalimu wa taaluma, na siyo maswali peke yake, anataka jedwali la utahini, yaani lile linaloonyesha kila mada na kila ngazi ya kufikiri imepewa alama ngapi, na mwongozo wa kusahihishia pamoja.

Saa 2. Baada ya paredi nimekaa stafu na maandalio yangu ya masomo, siyo azimio la kazi. Hapa wengi tunakosea, tunachukua idadi ya vipindi kwenye azimio ambalo liliandikwa Januari, wakati darasani mambo yalienda tofauti. Mimi umeme nilipanga vipindi 14 nikafundisha 18, kwasababu watoto walikwama kwenye sakiti, alafu magonjwa ikapungua ikawa 12. Mzunguko wa damu 15, mashine rahisi 15. Jumla 60. Mtihani una alama 50, kwahiyo umeme ni 18 gawanya kwa 60 mara 50, unapata 15. Magonjwa 10. Damu na mashine kila moja inatoka 12 na nusu, na nusu alama siitaki, nikaipa mashine 13 na damu 12 kwasababu mashine ina swali la kukokotoa, na swali la kukokotoa linahitaji alama za kutosha ili hatua za mtoto zionekane.

Alafu ngazi za kufikiri. Zile sita za Bloom za mwaka 1956, zilizokuja kupangwa upya 2001, mimi kwa darasa la sita nazibana ziwe nne: kukumbuka 15, kuelewa 15, kutumia 12, kuchambua 8. Kwenye visanduku vya katikati sizidishi asilimia kwa asilimia maana unaishia na alama 1.6 ambayo haina swali. Najaza kwa kuangalia mada yenyewe inabeba nini, mashine nikaipa 5 za kutumia, damu nikaipa 5 za kuelewa, kisha nahakikisha kila mstari na kila safu inafunga kwenye jumla yake.

Saa 4, uji. Nimekunywa nimesimama.

Saa 5. Maswali nilishayaandika wiki iliyopita, nikayapanga kwenye jedwali na yakaingia yote vizuri, nikafurahi kwa kweli. Ila nina utaratibu mmoja ambao siuachi, nampa mwalimu mwenzangu karatasi ya maswali bila jedwali, yeye na daftari la mwanafunzi mmoja, aandike pembeni ya kila swali ni ngazi gani. Leo nilimwomba madam wa Hisabati. Nikamwambia, dada, usiangalie kitenzi cha swali, angalia daftari.

Saa 6 akarudi. "Mwalimu, hizi za kukumbuka ni 23 siyo 15."

Nikashtuka. Akanifungulia daftari. Swali langu la alama 5 lilikuwa "Eleza kwanini toroli hurahisisha kazi ya kubeba mzigo", mimi nimeliweka kutumia. Sentensi ya jibu ipo kwenye nukuu nilizoandika ubaoni mwenyewe, neno kwa neno! Lingine la alama 3, "Kwanini balbu za nyumbani huunganishwa sambamba", nililiweka kuchambua, nalo lipo hivyo hivyo ukurasa wa umeme. Alama 8 zimeporomoka. Kutumia ikabaki 7, kuchambua ikabaki 5, na mtoto aliyekariri daftari usiku anapata alama ambazo jedwali linasema amefikiri. Neno "eleza" au "kwanini" halipandishi swali ngazi yoyote kama jibu alishapewa darasani. Swali lile lile kwa shule ambayo mwalimu hakuandika ile sentensi lingekuwa la kufikiri kweli, ndo maana mtihani wa kuazima shule jirani unaweza usilingane na jedwali lako hata kidogo.

Saa 7 mpaka 8 nimeyaandika upya. La umeme likawa hivi: balbu tatu zimeunganishwa kwenye sakiti moja, moja imeungua, mbili zimebaki zinawaka, je zimeunganishwaje, toa sababu. Mfano huu sikuwahi kuutoa darasani. La toroli likawa na mchoro: mzigo wa njutoni 600 upo sentimita 40 kutoka ekseli ya gurudumu, mikono ya msukumaji ipo sentimita 120, tafuta (a) jitihada, (b) manufaa ya kimakanika. Watoto wa huku toroli wanaijua, wanabebea maparachichi kila msimu, kwahiyo kitu siyo kigeni, kigeni ni namba.

Saa 9. Mwongozo wa kusahihisha. Naandika siku hiyo hiyo, sisubiri mtihani ufanyike, kwasababu ukiandika mwongozo ndo unaona swali limepinda wapi. La balbu: "sambamba" alama 1, sababu alama 2, na sababu naandika kwa maana siyo kwa maneno, yaani kila balbu ina njia yake ya umeme, hata mtoto akisema "umeme unapita kwingine haupiti kwenye iliyoungua" anapata zote 2. Akiandika sambamba tu bila sababu anabaki na 1, maana angeweza kubahatisha.

La toroli (a) ina alama 3: kanuni ya mzigo mara umbali wake ni sawa na jitihada mara umbali wake alama 1, kuweka namba alama 1, jibu njutoni 200 na kizio chake alama 1. (b) alama 2, njia ya 600 gawanya kwa 200 moja, jibu 3 moja.

Kabla sijafunga nikamwomba madam alifanye bila kuona jibu langu. Akapata njutoni 300.

Kumbe mchoro wangu una tatizo, mshale wa sentimita 120 nilichora unaanzia katikati ya gurudumu lakini kichwa kimepita juu ya mzigo, yeye akaona umbali kati ya mzigo na mikono ni 80, akachukua hiyo. 600 mara 40 gawanya kwa 80, ndo 300. Nikachora upya, mishale miwili yote inaanzia kwenye ekseli na nimeandika "egemeo" hapo chini.

Ila lile kosa lake limenisaidia, maana hata mchoro ukiwa safi kuna watoto watapima kutoka kwenye mzigo. Nikaliingiza kwenye mwongozo: akipata 300 ana alama ya kanuni, hana ya namba wala ya jibu, lakini kwenye (b) akiandika 600 gawanya kwa 300 akapata 2, mpe alama zote 2 za (b). Kosa la (a) ameshaadhibiwa, asiadhibiwe tena. Jumla 3 kwa 5. Bila kuandika hivyo, mimi nitampa 3 na mwenzangu wa mkondo B atampa 1, mtoto yule yule.

Saa 11 madam akapitia tena maswali mawili mapya na daftari mkononi, akaandika kutumia na kuchambua. Kukumbuka ikarudi 15. Nikamwambia ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akacheka akachukua mwamvuli.

Saa 12 jioni nimekabidhi bahasha kwa mwalimu wa taaluma, kafunga kabatini. Kesho asubuhi fotokopi, naenda mwenyewe, nataka nione ule mshale wa toroli umetoka vizuri kwenye nakala.