Nilivyomwandikia mhadhiri video ilipogoma kurenda

Kazi yetu ya mwisho wa muhula ilikuwa filamu fupi ya dakika 12, na siku moja kabla ya kukusanya, kila nilipoirenda, yaani kuigeuza kuwa faili moja la video lililokamilika, ilifika asilimia 62 ikakwama. Kompyuta inayozidiwa na joto hukatiza kazi popote, lakini kukwama pale pale aghalabu humaanisha kwamba tatizo limo ndani ya filamu yenyewe. Asilimia 62 ya dakika 12 ni kama dakika ya 7 na sekunde 26, na hapo nikakuta kipande nilichopiga usiku kwa ubora wa 4K, chenye kichujio cha kuondoa chenga. Kichujio hicho hulinganisha picha kadhaa kwa mpigo, hivyo hutumia kumbukumbu nyingi ya kadi ya picha, na kadi yangu ina GB 2 tu. Ujumbe wa `GPU memory full` ulithibitisha hivyo.

Njia iliyobaki ilikuwa kukirenda kipande hicho peke yake kwa 1080p, kukirudisha mahali pake kikiwa kimeshasafishwa, kisha kuirenda filamu nzima. Kwa kompyuta yangu hiyo ni kazi ya karibu saa 6, na ikikwama tena inaanza upya. Jioni hiyo hiyo, muda wa kukusanya ukiwa haujapita, nikaandika:

"YAH: OMBI LA KUONGEZEWA SAA 24 KUWASILISHA FILAMU FUPI

Daktari, shikamoo. Nimemaliza kuhariri filamu yangu, lakini inakwama kwenye asilimia 62 ninapoirenda kwa kuwa kumbukumbu ya kadi ya picha inajaa. Nimekipata kipande kinachosababisha na ninakirenda upya. Naomba kuwasilisha keshokutwa saa 6 mchana badala ya kesho saa 6 mchana. Nimeambatisha filamu nzima katika ubora wa chini bila kichujio hicho, picha ya skrini yenye hitilafu, na faili la mradi. Endapo muda hautaongezwa, naomba nakala hiyo ipokelewe kuwa ndiyo kazi yangu."

Kiambatisho nilichokitegemea zaidi ni ile nakala ya 480p. Picha ya skrini inaonyesha tu kwamba kitu kimekwama, ilhali nakala inamwezesha mhadhiri kuona mwenyewe kwamba uhariri, sauti na urefu vimekamilika, na kwamba muda ninaouomba ni wa mashine kufanya kazi, si wangu wa kuendelea kutunga. Ndiyo maana pia niliomba saa 24, zinazotosha kurenda, kurudia mara moja ikibidi, kuitazama yote na kuipandisha.

Alijibu asubuhi akikubali, kwa sharti kwamba uhariri usitofautiane na nakala aliyokwisha kuipata, kwani angezilinganisha. Nililiona sharti hilo kuwa la haki kwa wenzangu waliowasilisha kwa wakati. Usiku huo filamu ilivuka asilimia 62 na kumalizika, nami nikaiwasilisha saa 3 asubuhi na kumjulisha kwa kujibu barua pepe ile ile.