Fitina Tunayoomba Kukingwa Nayo

Ndugu zangu katika imani, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Alhamisi iliyopita, baada ya darasa la kina mama, mama mmoja mtu mzima alibaki nyuma akikunja mkeka wake polepole, kisha akaniuliza jambo ambalo nilipaswa kulieleza miaka mingi iliyopita. Alisema kwamba kila anapofika kwenye attahiyatu ya mwisho na kusoma dua ya kujikinga, moyo wake huenda kwa majirani zake wawili waliomchafulia jina mtaani, kwa kuwa dua ile hutaja fitina ya uhai na ya mauti, naye huomba asitiliwe fitina akiwa hai wala asije akasemwa vibaya matangani pake. Nilimwambia kwamba ombi lake ni jema, ila silo lililomo katika dua anayoisoma.

Dua yenyewe tunaijua. Tunaomba kinga dhidi ya adhabu ya Jahannam, adhabu ya kaburi, *fitnatil mahyaa wal mamaat*, na shari ya fitna ya Masihi Dajali. Kama neno hilo la tatu lingekuwa na maana ya fitina tuijuayo, ile ya kupeleka maneno huku na kuyarudisha kule mpaka ndugu wakagombana, basi hata Dajali angekuwa msengenyaji tu wa barazani, na sidhani kama yupo anayemwogopa kwa sababu hiyo. Fitna ya Dajali ni jaribu linalopima imani ya mtu hadi ijulikane kama ni ya kweli au ni ya mdomoni. Fitna ya uhai ni yote yanayomjaribu mtu angali hai, mali na shida zikiwemo, na ile ya mauti ni jaribu la saa ya kukata roho na maswali ya kaburini.

Wanakamusi wa Kiarabu wanalirudisha neno hili kwenye kazi ya sonara: dhahabu *hufitiniwa* inapotiwa motoni ili safi ijitenge na taka. Aliyewahi kukaa karibu na sonara anajua inavyokuwa. Vipande vya pete kuukuu hutiwa katika kichungu kidogo, hunyunyiziwa tinikali, kisha moto huelekezwa juu yake hadi dhahabu ilegee na kuwa tone moja linalong'aa, huku uchafu ukikusanyika pembeni kama ukoko. Mwenye pete huenda akaumia moyo, kwa kuwa tone analorudishiwa mara nyingine huwa jepesi kuliko alivyodhani, lakini moto haukumwibia. Umemwonyesha tu alichokuwa nacho. Ndiyo maana Qurani inasema katika Suratut Taghabun, aya ya 15, kwamba mali zetu na watoto wetu ni *fitna*. Haisemi kwamba watoto wetu ni wachonganishi, ingawa wapo wazazi ambao wangeikubali tafsiri hiyo bila ubishi.

Basi Kiswahili kimelipotosha neno? Mimi sisemi hivyo. Ndani ya Kiarabu chenyewe neno lilikwisha kuchipua matawi. Suratut Tawba, aya ya 47, inawataja wanafiki waliotaka kuwatilia Waislamu *fitna* kwa kupita kati yao wakiwavuruga, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata kuuawa kwa Khalifa Uthman mwaka 656 viliitwa Fitna Kubwa. Kiswahili kilishika tawi hilo la mfarakano, kikaliotesha upya katika udongo wake, kikapata *mfitini*, *kufitini* na *kutia fitina*, na mti wa asili ukasahaulika. Hiyo ni haki ya lugha yoyote. Tatizo huanza tunapoichukua maana yetu na kuirudisha ndani ya aya.

Aya inayoumia zaidi ni ile ya Suratul Baqara, ya 191, isemayo *wal fitnatu ashaddu minal qatl*, ambayo katika mawaidha yetu imekuwa methali: fitina ni mbaya kuliko kuua. Nimeisikia ikisomwa katika usuluhishi wa wake wenza na hata katika ugomvi wa kamati ya msikiti, na ninakiri kwamba nami nimeisoma hivyo, tena kwa sauti kubwa. Msikilizaji hubaki na hesabu isiyoingia akilini, kwamba aliyepeleka umbeya ana dhambi kubwa kuliko aliyetoa roho ya mtu.

Tuitazame aya ndugu yake, ya 217 katika sura hiyo hiyo, kwa kuwa tukio lake linafahamika. Mwaka wa 2 wa Hijra, kikosi kidogo kilichoongozwa na Abdullah bin Jahsh kilikutana na msafara wa Makuraishi mahali paitwapo Nakhla, kati ya Makka na Taif, mwezi wa Rajabu ukiwa ukingoni, na Amr bin Hadhrami akauawa. Rajabu ni mwezi mtukufu usiopiganwa, kwa hiyo Makuraishi walipata hoja, na Waislamu wenyewe wakafadhaika. Aya haikusema kwamba kosa hilo ni dogo. Ilisema kupigana katika mwezi huo ni jambo kubwa, kisha ikaweka upande wa pili wa mizani: kuwazuia watu na njia ya Mwenyezi Mungu, kuwakataza Msikiti Mtakatifu, kuwatoa wenyeji wake, na *fitna*, ambayo ni kubwa kuliko kuua. Fitna hapa ni mateso ya kumlazimisha mtu aiache dini yake, kama alivyolazwa Bilal juu ya mchanga wa moto na jiwe kifuani. Ibn Umar aliieleza hivyo hivyo alipoulizwa, kwamba zama Waislamu walipokuwa wachache mtu *alifitiniwa* katika dini yake, ama wamuue ama wamtese.

Wala umbeya haupungukiwi na makemeo hata tukiiachia aya hii maana yake. Kiarabu kinauita *namima*, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema kwamba mwenye namima haingii Peponi. Mhubiri anayetaka kuwakanya wachonganishi anayo hadithi hiyo tayari mkononi.

Ajabu ni kwamba maana ya zamani haikupotea katika Kiswahili, bali imehamia nyumba nyingine. Mtu akifiwa au akiunguliwa duka, tunamwambia, "Huu ni mtihani, ndugu yangu, subiri." Neno hilo nalo ni la Kiarabu, na wanakamusi wanasema asili yake ni kuisafisha fedha kwa moto, yaani kazi ile ile ya sonara kwa madini mengine. Kwa hiyo tafsiri ya dua yetu iliyo karibu zaidi ni "mitihani ya uhai na ya mauti", na hivyo ndivyo nilivyomwambia yule mama.

Alinyamaza kidogo, akauweka mkeka kwapani, akauliza kama majirani zake basi wamo au hawamo. Nilimjibu kwamba wamo, lakini kama moto wa sonara: yanayopimwa ni yale yatakayotoka kinywani mwake yeye pale wanapomsema. Akacheka, akasema, "Haya, ustadhi, hapo umeniongezea kazi," akaenda zake.